"Malaika" Ipi Hasa? Namna ya Kuupata Wimbo Sahihi Kati ya Majibu Yanayofanana

Ninajaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, kibanda changu kipo Moshi mjini. Wateja wengi hawaji na jina la wimbo. Wanakuja na mstari mmoja tu, wanauimba kwa sauti ya chini huku wakiangalia kama kuna anayewasikia. Mstari huo ukiuandika mtandaoni hukosi majibu. Tabu ni kwamba unapata majibu thelathini, yote yana maneno yaleyale, na moja tu ndilo analolitaka.

Mwaka 2022 alinijia mama mmoja aliyekuwa akiwaandalia wazazi wake sherehe ya miaka 50 ya ndoa. Walifunga ndoa mwaka 1972, na kwenye karamu ulipigwa wimbo kutoka kwenye santuri aliyoileta mjomba kutoka Nairobi. Mama alikuwa bado hajazaliwa, lakini santuri ilibaki nyumbani kwao hadi alipokuwa darasa la pili, kisha ikavunjika. Aliniimbia: "Malaika, nakupenda malaika." Nikamwuliza anaimba nani, akasema mwanamke. Nikaandika mstari, nikachagua sauti ya kike iliyosikika safi kuliko zote, nikamjazia. Siku mbili baadaye akarudi. Baba yake alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu binti anaimba vizuri, mwanangu, lakini siye."

Nilikuwa nimemjazia toleo la Angélique Kidjo, lililo kwenye albamu yake ya *Logozo* ya mwaka 1991. Harusi ya mwaka 1972. Swali moja tu lingetosha kuniepusha na kosa hilo. Tangu siku ile nafuata utaratibu ninaouandika hapa, na nitautumia wimbo huohuo kuonyesha kila hatua, kwa sababu sijui wimbo mwingine wa Kiswahili ulioimbwa na watu wengi namna ile.

Hatua ya kwanza: andika anachokumbuka kabla hujamsikilizisha chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ukiiruka huwezi kuirudia. Mtu akishasikia toleo moja lililo karibu na lile analolitafuta, kumbukumbu yake inachanganyika nalo. Ukimwuliza baada ya hapo kama kulikuwa na gitaa mwanzoni, atakujibu kwa gitaa alilolisikia dakika tano zilizopita.

Kwa hiyo shika kalamu kwanza. Gawa karatasi sehemu mbili. Upande mmoja andika anachokumbuka bila kusita, upande wa pili anachodhani. Usimsahihishe. Akiimba neno lisiloeleweka, liandike kama alivyolitamka, maana hata tamko lililoharibika lina faida. Mama yule aliniimbia "nashindwa na malizina we". Maneno yenyewe ni "nashindwa na mali sina, we", lakini hilo "we" la mwishoni alilikumbuka sawasawa, na ni alama nzuri: mtu hawezi kulibuni.

Maswali ninayouliza ni machache. Uliusikia wapi, na haiwezi kuwa baada ya mwaka gani? Ulitoka kwenye nini: redio, kaseti, santuri, televisheni, bendi ya ukumbini? Sauti ilikuwa moja au zaidi? Kabla sauti haijaanza, ulisikia nini? Je, kulikuwa na maneno ya lugha nyingine? Kisha namwomba aendelee kuimba baada ya mstari anaoujua, hata kama ni kwa mluzi tu. Mara nyingi mstari unaofuata ndio unaoutofautisha wimbo na jirani zake, kuliko ule aliokuja nao.

Hatua ya pili: usitafute kwa mstari maarufu

Ukiandika neno "malaika" peke yake, au hata "malaika nakupenda", utaletewa kila wimbo wenye jina hilo. Nyashinski wa Kenya ana wimbo wake uitwao "Malaika", na ni utunzi mwingine kabisa. Wapo waimbaji wa injili wenye malaika wao wa mbinguni. Mtambo wa kutafutia unaupa uzito mkubwa ukurasa ambao neno lako lipo kwenye jina la wimbo, na wewe hukutaka jina, ulitaka maneno ya ndani.

Chukua kipande ambacho si rahisi mtu mwingine akiseme vilevile. Kwenye wimbo huu kipande hicho ni "nashindwa na mali sina". Kifunge ndani ya alama za nukuu ili yatafutwe maneno hayo kwa mfuatano huo, kisha ondoa kwa alama ya kutoa yale uliyokwisha kuyakataa:

```
"nashindwa na mali sina"
"nashindwa na mali sina" -kidjo
```

Bila alama za nukuu, Google huweza kukuletea ukurasa wenye "mali" juu na "sina" chini, kisha ikayakoleza maneno hayo kwenye dondoo ukadhani umepata. Soma dondoo lenyewe uone kama maneno yamefuatana.

Jihadhari pia na tahajia. Maneno ya nyimbo zetu mtandaoni mengi yameandikwa na watu waliosikiliza tu, wengine hawajui Kiswahili. Ubeti wa kidege kwenye wimbo huu utaukuta pengine umeandikwa "hukuwaza kidege" na pengine "nakuwaza kidege". Tofauti hiyo isikufanye ukate shauri kwamba ni matoleo mawili. Inawezekana ni masikio mawili yaliyosikia rekodi moja. Kwa hiyo tafuta kwa tahajia mbili au tatu, na utakapotaka kuamua, amua kwa kusikiliza.

Na tovuti za maneno ya nyimbo zinanakiliana. Ukikuta tovuti tano zinakubaliana, angalia kama zina kosa lilelile mahali palepale, kwa mfano neno moja limegawanywa vibaya kwenye zote. Ikiwa hivyo, huna mashahidi watano. Unaye mmoja aliyenakiliwa mara nne.

Hatua ya tatu: tenga utunzi, rekodi na faili

Majibu yanapofanana, jiulize yanafanana katika ngazi gani. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti yake. Kuna rekodi, yaani siku fulani watu fulani walipoingia studio wakauimba utunzi huo. Halafu kuna faili, yaani kile mtu alichokipandisha mtandaoni akakipa jina analolijua yeye.

Ngazi ya kwanza ndiyo rahisi. Mtu akija na "hakuna matata" tu, ana tungo mbili zisizohusiana hata kidogo. Upo "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Mombasa, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutoka mwaka 1982. Na upo ule wa filamu ya *The Lion King* ya mwaka 1994, uliotungwa na Elton John na Tim Rice. Mwombe akuimbie mstari unaotangulia. Akisema "wageni mwakaribishwa", filamu umeshaiondoa.

Hapo unashuka ngazi ya pili, kwa sababu "Jambo Bwana" nao una rekodi nyingi. Boney M waliurekodi mwaka 1983, na bendi za hoteli za pwani zinaupiga hadi leo. Mahali pa kutega sikio ni pale linapotajwa jina la nchi. Them Mushrooms waliimba "Kenya yetu, hakuna matata". Huku kwetu wapagazi wanaopandisha wageni mlimani wanaweka "Kilimanjaro" mahali pa Kenya. Mteja akikumbuka jina la mahali lililoimbwa, usilichukulie kuwa jambo dogo. Kwenye nyimbo za namna hii, jina la mahali hubadilishwa kabla ya kitu kingine chochote.

"Malaika" ni kesi ya ngazi ya pili tupu. Utunzi ni mmoja, ingawa nani aliutunga ni jambo lililogombewa kwa miaka mingi. Fadhili William wa Kenya ndiye anayetajwa zaidi, na Adam Salim wa Tanzania naye hutajwa. Ugomvi huo usikupotezee muda, kwa sababu mteja hatafuti mtunzi, anatafuta sauti aliyoisikia. Na sauti ni nyingi: Fadhili William mwenyewe, aliyeurekodi zaidi ya mara moja mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba wa Afrika Kusini, Boney M mwaka 1981, Kidjo mwaka 1991, na wengine wengi wa hapa na wa mbali.

Hatua ya nne: weka ukuta wa mwaka

Hakuna mtu anayeweza kusikia rekodi kabla haijarekodiwa. Jambo hili liko wazi mpaka tunalisahau. Tafuta mwaka ambao mteja ana uhakika alikuwa ameshausikia wimbo, kwa tukio na si kwa kukisia: harusi, msiba, kuhama nyumba, mwaka wa kumaliza shule. Ukuta wa mama yule ulikuwa mwaka 1972. Kidjo akaanguka, Boney M wakaanguka. Kati ya majina niliyokuwa nayo mezani, wakabaki Fadhili William na Makeba.

Ukuta huu unazuia upande mmoja tu. Rekodi ya mwaka 1963 inaweza kupigwa harusini mwaka 1972, au hata leo. Kwa hiyo usimkatae mtu kwa sababu rekodi yake ni ya zamani mno.

Wengi hujikwaa kwenye mwaka unaoonekana kwenye simu. Mwaka huo mara nyingi si wa kurekodiwa. Programu za muziki huonyesha mwaka wa albamu ambayo wimbo umewekwa, na nyimbo za zamani zimewekwa kwenye mikusanyo iliyotoka miaka ya 1990, 2000 na kuendelea. Ukitumia mwaka huo kama ukuta utamfukuza mwenye haki. Chini ya video nyingi za YouTube zilizowekwa na kampuni utaona maneno "Provided to YouTube by", na chini yake alama ya ℗ ikifuatwa na mwaka. Alama hiyo inahusu haki ya rekodi, kwa hiyo ni bora kuliko tarehe ya kupandishwa, lakini nayo inaweza kuwa ya toleo lililosafishwa upya.

Pa kuhakikisha ni Discogs, ambako wakusanyaji wa santuri huandika kila toleo pamoja na picha za jalada na lebo. Tafuta jina la mwimbaji na la wimbo, panga matoleo kwa mwaka, angalia la mwanzo kabisa. MusicBrainz nayo inafaa kwa sababu inatenga utunzi na rekodi: ukifungua ukurasa wa utunzi, unaona rekodi zake zilizosajiliwa zimepangwa pamoja. Zote mbili hujazwa na watumiaji, kwa hiyo kwenye santuri za Afrika Mashariki zina mapengo. Wimbo kutokuwepo humo hakuthibitishi kwamba haukutoka.

Hatua ya tano: jua maneno yanaishia wapi, sauti inaanzia wapi

Kwenye "Malaika" kuna mtego ulio ndani ya Kiswahili chenyewe, na nimeona wenzangu wakinaswa nao. Wimbo unasema "ningekuoa, malaika". Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mtu akisoma maneno hayo atasema mwimbaji lazima awe mwanamume, kwa hiyo huyu mama anakosea anaposema alisikia sauti ya mwanamke. Hapana. Makeba hakulibadilisha. Aliimba "ningekuoa" kama lilivyotungwa, na Kidjo vilevile. Maneno yanakuonyesha nani anasema ndani ya hadithi ya wimbo. Ni nani aliyesimama mbele ya maikrofoni, hilo maneno hayakuambii.

Kwa hiyo rekodi zinapokuwa za utunzi mmoja, acha kuchambua maneno. Sasa kinachotakiwa ni sauti: ni ya kiume au ya kike, ni moja au mbili, wanapokezana au wanaimba pamoja, nini kinatangulia, kasi yake ikoje. Kati ya hivyo vyote ninauamini zaidi utangulizi, zile sekunde kumi au kumi na tano kabla mtu hajafungua mdomo. Mtu aliyeusikia wimbo mara mia kwenye santuri anaujua utangulizi wake mwilini, hata kama maneno yamempotea. Kasi siiamini sana. Kaseti zilizonakiliwa kwa mashine mbovu zilikimbia au zilivuta, na santuri ikipigwa kwa mzunguko usio wake inabadili hata sauti ya mtu.

Nilimpigia simu bibi, yaani mama mzazi wa mteja wangu, mwenye harusi mwenyewe. Nikamwamkia, nikamweleza shida. Sikumwuliza, "Ni Makeba, siyo?" Nilimwuliza, "Bibi, yule mwanamke alikuwa anaimba peke yake?"

Akanyamaza kidogo. "Alikuwepo na mwanamume," akasema. "Sauti yake ya chini chini, kama mtu amekaa karibu nawe. Mzee wangu alikuwa anaimba ya mwanamume, mimi ya mwanamke."

"Na jalada la santuri unalikumbuka?"

"Jalada sikumbuki. Ila jina la wimbo lilikuwa la Kizungu. Tulishangaa, wimbo wa Kiswahili una jina la Kizungu."

Maneno hayo yalimaliza kazi. Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba walitoa albamu ya pamoja chini ya RCA Victor, *An Evening with Belafonte/Makeba*, na humo wimbo huu umeandikwa "My Angel (Malaika)", wakiuimba wote wawili. Ndiyo maana sikuwa nimeuona. Kwenye orodha yangu nilikuwa nikipitisha macho kutafuta jina linaloanza na neno Malaika na jina la mwimbaji mmoja. Jambo la kubeba hapo ni hili: jina la wimbo kwenye toleo unalolitaka linaweza kuwa limetafsiriwa, na mwimbaji anaweza kuwa amesajiliwa chini ya jina la mwenzake. Unapokwama, tafuta jina la wimbo kwa lugha ya nchi uliporekodiwa:

```
"my angel" malaika makeba 1965
```

Bibi aliniambia pia kwamba kwenye karatasi ya katikati ya santuri palikuwa na mbwa anayesikiliza gramafoni. Nilifurahi, kwa kuwa mbwa huyo alikuwa nembo ya RCA Victor. Lakini sikumhesabu kama ushahidi, maana mbwa yuleyule alikuwa nembo ya HMV, na santuri za HMV zilijaa Afrika Mashariki. Ushahidi unaokubaliana na jibu lako unaweza kukubaliana vilevile na majibu mengine kumi. Uliza kila mara: je, kama ingekuwa ile rekodi nyingine, dalili hii isingekuwepo? Mbwa angeweza kuwepo. Jina la Kizungu pamoja na sauti mbili, si rahisi.

Hatua ya sita: hakikisha faili ni kile kilichoandikwa juu yake

Ukishaijua rekodi, bado hujalipata faili. Watu hupandisha nyimbo kwa majina ya kubahatisha. Utakuta picha ya Makeba, jina la Makeba, na ndani anaimba mtu mwingine kabisa. Utakuta pia onyesho la jukwaani limeandikwa kana kwamba ni la studio. Makeba aliuimba wimbo huu kwa miaka mingi, na rekodi zake zenyewe hazifanani.

Hapa Shazam inafaa, na watu wengi huitumia mahali pasipo pake. Shazam haisikilizi maneno wala haijui wimbo unaouimba wewe. Inalinganisha alama za sauti za rekodi yenyewe na zile ilizozihifadhi, kwa hiyo ukiiimbia kwa mdomo itakuambia haikupata kitu. Lakini ukipiga faili lenye mashaka kwenye simu moja na kufungua Shazam kwenye nyingine, itakutajia rekodi hiyo ni ya nani. Ikikutajia jina tofauti na lililoandikwa kwenye faili, amini sauti. Kikomo chake ni kwamba haina kila rekodi, hasa za bendi zetu za zamani, na rekodi moja ikiwa imetolewa kwenye mikusanyo mitano inaweza kukutajia mkusanyo wowote kati ya hiyo. Kwa hiyo ichukue kwa jina la mwimbaji, usiichukue kwa mwaka wala albamu.

Utafutaji wa Google wa kuvumisha sauti mdomoni ni kinyume chake. Huo unafuata tuni, kwa hiyo unaweza kukupa utunzi hata kama huna neno moja. Ila hauwezi kukuchagulia rekodi, maana tuni ya Fadhili na ya Makeba ni ileile. Utumie mwanzoni, na Shazam uitumie mwishoni.

Baada ya hapo linganisha urefu. Chukua dakika na sekunde zilizoandikwa kwenye Discogs kwa toleo lile, uzilinganishe na faili. Tofauti ya sekunde mbili tatu ni ya kawaida, kwa sababu ya kimya cha mwanzo na cha mwisho. Ikizidi nusu dakika, hilo ni faili jingine au limekatwa. Kisha sikiliza mwisho wake: makofi ya watu yanakuambia ni jukwaani.

Hatua ya saba: mpe mwenye kumbukumbu aamue, bila kumsukuma

Usimpigie jibu lako peke yake huku ukimwangalia usoni. Wazee wetu wana adabu, hawapendi kukuvunja moyo, atakuambia "ni huo huo, mwanangu" ili ukapumzike. Andaa vipande vitatu vya sekunde ishirini kuanzia mwanzo kabisa, usitaje majina, na lile unaloliamini usiliweke la kwanza wala la mwisho. Simamisha kabla sauti haijaingia, kisha mwulize, "Sasa nini kinafuata?" Anayekisia atasema "anaimba". Anayejua atakuambia anaanza nani, au ataanza yeye mwenyewe kuimba pale panapotakiwa.

Tulifanya hivyo kwa simu, binti yake akiwa ameishika karibu na sikio la mama yake. Kipande cha kwanza kilikuwa cha Fadhili William. Bibi akasema, "Huu ni wa redioni, naujua, lakini siyo wetu." Cha pili kilikuwa cha mwaka 1965. Sikufika hata pa kusimamisha. Nilisikia kwa mbali sauti ya mzee, baba mwenye harusi, ikiuliza chumbani, "Nani amepata ile sahani?"

Kuna siku ambazo hatua hizi zote hukuacha na rekodi mbili ambazo huwezi kuzitenganisha, hasa kama mwimbaji mmoja aliurekodi wimbo wake mara mbili kwa miaka iliyokaribiana na mteja aliusikia redioni tu. Hapo siamui kwa niaba yake. Namjazia zote mbili na kuandika kwenye jina la kila faili kile ninachokijua: mwimbaji, bendi, mwaka wa toleo la mwanzo nililolikuta, na neno "huenda" pale ninapokisia. Faili la mama yule niliandika hivi:

```
Belafonte-Makeba_My-Angel-Malaika_1965.mp3
```

Aliondoka nalo Ijumaa jioni, sherehe ikiwa Jumamosi.